Barua ya Bi Mwanne kwa Mpangaji Asiyemjua

Bi Mwanne alikuwa mpiga chapa miaka ishirini na moja katika ofisi moja ya mizigo pale Gerezani, Kariakoo, mpaka mashine zikaondolewa na yeye akaondolewa nazo. Aliondoka na kiinua mgongo kidogo, maumivu ya shingo, na imani kwamba jambo lisiloandikwa vizuri halijasemwa.

Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya baba yake, ya vyumba sita, bati limeshika kutu, imebanwa na maghorofa mawili hata jua lake ni la saa mbili kwa siku. Mirathi iligawanywa kwa sheria: mdogo wake, Abdulmalik, vyumba vinne, yeye viwili. Abdulmalik alijaza vyake spea za magari. Mwanne alilala kimoja, na cha mbele alikipangisha. Alikula kwa kodi ya chumba hicho.

Sasa kilikuwa na miezi mitatu kitupu, na mvua za masika zilikuwa zimefumua bati. Abdulmalik alimwambia mbele ya ndugu wote, bila kupandisha sauti, "Dada, hela ya bati jipya tunatoa wote. Mwisho wa mwezi ukifika huna sehemu yako, tunauza. Mnunuzi ninaye." Ndugu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyemuuliza nyumba ikiuzwa ataenda wapi.

Akabandika mlangoni karatasi yenye namba yake ya simu: CHUMBA KINAPANGISHWA. DALALI HATAKIWI. Madalali aliwajua. Hula kodi ya mwezi mzima kwa kumwonesha mtu mlango ambao angeuona mwenyewe.

Siku ya Jumatano simu ikalia kwa ujumbe: "Shikamoo mama. Naitwa Zakayo, nafanya biashara Mchikichini. Nimeona tangazo. Naomba maelezo ya chumba na lini naweza kuja kukiona."

Mtu mwingine angejibu, "Kipo, njoo." Mwenye nyumba mjanja angeandika, "Ukifika kituoni nipigie," ili amwone mtu kabla mtu hajaiona nyumba. Mwanne alivaa miwani, akakaa sawasawa, akaandika kama alivyofundishwa:

"YAH: CHUMBA KINACHOPANGISHWA, GEREZANI.

Marahaba. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Chumba kipo. Ni kimoja, cha mbele, kina dirisha la mtaani na sakafu ya saruji. Choo na bafu ni vya uwani, tunatumia wote. Umeme ni LUKU moja, tunachangia. Maji yapo, ila Jumanne hukatika. Kwa sasa bati linavuja pembe ya kushoto. Litatengenezwa kwa kodi utakayolipa. Kodi ni shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo, na mkataba wa maandishi tunausaini mbele ya mjumbe. Masharti: uje na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka; watoto wasizidi wawili; pombe isiingie ndani; mlango wa nje unafungwa saa nne usiku. Kukiona ni Jumamosi, saa nne hadi saa sita mchana. Nyumba ni ya mlango wa kijani, inatazamana na fundi rejeta.

Wako, Mwanne, Mwenye Nyumba."

Alisoma mara mbili, akahamisha mkato mmoja, akatuma. Zakayo akajibu: "Ubarikiwe mama, umeeleza vizuri sana." Maneno hayo yalimpendeza kuliko alivyotaka kukubali. Tangu ofisini hakuna aliyemsifia uandishi.

Jumamosi alipiga deki, akafukiza ubani kidogo kuficha harufu ya unyevu, akavaa dera lake la Idi. Saa nne kamili hodi ikabishwa mlangoni. Alipofungua aliwaona watu saba.

"Shikamoo mama," alisema aliyekuwa mbele, mwanamke mnene mwenye mkoba wa mitumba begani. "Naitwa Hyasinta. Tumekuja kuangalia chumba."

"Marahaba. Nyote pamoja?"

"Mimi siwajui hawa," alisema Hyasinta. "Nimewakuta hapa mlangoni."

Kijana mmoja akacheka. "Mama, sisi kila mtu kivyake. Labda unataka tupigane mieleka, atakayebaki amesimama ndiye mpangaji."

"Nani amewaleta?"

"Dalali wako, Zakayo," alijibu kijana. "Kila mtu katoa elfu kumi na tano ya kuoneshwa. Yeye kasema tutangulie, anakuja."

Mwanne aligeuka, akaonesha mlango kwa kidole. "Mimi sina dalali. Karatasi hiyo hapo mlangoni, someni."

"Tumeisoma," alisema Hyasinta, akiingia chumba cha mbele, wengine nyuma yake. "Chumba ni hiki? Basi tukione. Mimi Buguruni nimechoka, nyumba ina wapangaji kumi na sita, choo kimoja. Elfu sabini naiweza leo hii, miezi mitatu."

"Elfu sabini gani? Ni laki na ishirini, miezi sita."

Minong'ono ikaanza. Kijana akapiga namba ya Zakayo, akaweka sauti kubwa: namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Nilimwandikia kila kitu," Mwanne alisema, akiitafuta simu yake. "Someni wenyewe. Mimi simfichi mtu hata tundu la bati."

Hyasinta akaipokea simu, akaiweka sambamba na yake, akasoma taratibu akihamisha macho huku na huku. Ujumbe aliotumiwa na Zakayo ulikuwa ule ule. Yah ilikuwepo, kichwa cha habari hapo juu kilikuwepo, mlango wa kijani na fundi rejeta vilikuwepo. Bati halikuwepo. Barua ya utambulisho haikuwepo. Laki na ishirini imekuwa sabini, sita imekuwa tatu. Chini kabisa: Wako, Mwanne, Mwenye Nyumba.

"Unaona?" Mwanne alisema. "Amechezea maneno yangu."

"Naona maneno yako, mama." Hyasinta alimrudishia simu. "Bongo nzima nani mwingine anaandika Yah kwa mpangaji? Mngekuwa hamjuani, angeiga hivi mpaka mikato?"

"Haki ya Mungu simjui!"

"Mnagawana ngapi? Nusu kwa nusu? Mama mtu mzima, umefukiza na ubani."

Wengine walikuwa wameanza kupaza sauti. Fundi rejeta aliacha kazi akasimama kutazama, na wapita njia nao wakasimama, kwa kuwa Kariakoo neno tapeli husimamisha watu kuliko neno moto. Mwanne aliona mwezi ukimwishia pale pale mlangoni. Akamshika Hyasinta mkono.

"Mwanangu, chukua. Elfu sabini, miezi mitatu, kama alivyosema. Tukasaini kwa mjumbe sasa hivi."

Alidhani amejishusha mpaka chini kabisa, na kwamba mtu akikuona chini atakuhurumia. Hyasinta aliutoa mkono wake.

"Kumbe sabini inawezekana," alisema. "Sasa ndiyo najua. Nikupe laki mbili na kumi halafu kesho waje saba wengine? Nirudishie elfu kumi na tano yangu niende."

Mwanne hakuwa nayo. Alikuwa na elfu nne kwenye ncha ya khanga, akazitoa. Hyasinta alizitazama, akamwachia. Waliondoka mmoja mmoja. Kijana wa mieleka alichana karatasi ya mlangoni, akaikunjakunja, akaitupa mtaroni.

Kabla ya adhuhuri Abdulmalik alipiga simu. Fundi rejeta ni mteja wake wa spea.

"Dada, nini hiki nasikia? Utapeli, kwenye nyumba ya baba?"

Mwanne akaanza kumweleza tangu mwanzo, kwa mpangilio, Zakayo, Jumatano, barua. Alipofika kwenye masharti mdogo wake alimkatiza.

"Basi, dada. Mnunuzi anataka kuja kuiona nyumba. Aje lini?"

Mwanne alitazama chumba cha mbele. Nyayo za watu saba zilikuwa zimekauka juu ya sakafu aliyoipiga deki asubuhi.

"Aje akitaka," alisema.

"Saa ngapi?"

"Saa yoyote, Abdu. Mlango uko wazi."

Akakata simu, akaenda kutafuta tambara.