Majina Yasiyoonekana Kasekese

Emelyne hana adabu, wanasema watu wa Kasekese. Mimi jirani yake nasema ana msimamo.

Yeye ndiye katibu wa kikundi chetu cha wafuga nyuki. Alikwenda Mpanda mjini, stesheneri kwa Ngusa, akajaza kwenye kompyuta fomu yetu ya kuomba mizinga ya kisasa. Ngusa akaituma kwa barua pepe ofisi ya wilaya inayogawa mizinga, na nakala akamrushia mwenyekiti, Mzee Cyriaque, kwa WhatsApp.

Mzee akaifungua kwenye simu yake. Vichwa vya habari vipo, mistari ipo, ila kwenye nafasi za majina ni peupe. Wanachama wote hawamo. Kwa mtu aliyekuja nchini kama mkimbizi, kama sisi, akasubiri uraia miaka na miaka, kila orodha ikibandikwa anatafuta jina lake, hilo si jambo dogo. Kufika jioni kikao kilikuwa kimejaa, na tayari kuna aliyesema Emelyne ameuza nafasi zetu. Walitaka aache ukatibu na fomu ijazwe upya kwa kalamu, mbele ya wote.

Nilikasirika. Emelyne yeye alibaki wima.

"Sijazi upya. Nikijaza upya nimekubali kwamba niliwatoa, na mimi sijamtoa mtu."

Akampigia Ngusa, simu kwa sauti ya juu tusikie sote. Ngusa akaeleza kwamba majina hayajaandikwa kwenye karatasi yenyewe, yamewekwa ndani ya visanduku vya fomu. Kuna programu za simu zinazochora karatasi tu na kuviruka visanduku na vilivyomo. Tupakue programu ya PDF inayosoma fomu, tufungue faili lilelile. Akaongeza kwamba ofisini nao wanaweza kuona peupe, kwa hiyo ataliprinti liwe PDF mpya, majina yagande kwenye ukurasa kama maandishi mengine, kisha alitume tena.

Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Tulisubiri, kila mtu akiangalia ardhi. Programu ilipofunguka, majina yakajaa skrini.

Mzee akataka kufunga kikao haraka. Emelyne akamzuia.

"Hapana, Mzee Cyriaque. Mlinituhumu kwa sauti, someni kwa sauti."

Mzee akasoma. Laurence, Nathanael, Apollinarie, na kila aliyetajwa aliinamisha kichwa. Alipofikia lake mwenyewe akalisoma mara mbili. Likabaki moja, la chini kabisa. Emelyne akaweka kidole gumba juu yake.

"Hili langu utalisoma ukishaniomba radhi."

Wazee waliguna. Binti kumwambia hivyo mtu wa umri ule! Nami nilifurahi, sifichi.

Mzee Cyriaque akavua kofia. "Nisamehe, mwanangu."

Emelyne akaondoa kidole.