Mwambie Mama Nimesalimu

Mtoto wa kaka yangu ni mzee sasa, naye amenitaka mara nyingi nimweleze baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Nimemweleza alivyochunga, alivyocheka, alivyojua kumtuliza ng'ombe anayezaa kwa mara ya kwanza. Siku ya kizuizi sijawahi kumweleza yote. Naiandika hapa, maana kuisema kwa mdomo nimeshindwa.

Ilikuwa wakati wa Wajerumani, vita ilipokwisha kufika huku kwetu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali karibu na boma la Dodoma, kijana, nimevaa kaki na kofia nyekundu, na cheti cha safari chenye muhuri kikiwa mfukoni. Nilikuwa nimepewa ruhusa kwenda Mlali kumwona mama, aliyekuwa mgonjwa. Akapata nafuu, nami nikapaswa kurudi kazini. Njia yangu ilikuwa kwa miguu hadi Gulwe, kisha gari moshi.

Nilikuwa na sanduku la mbao. Halikuwa zito: nguo, vitabu viwili vitatu, unga ambao mama alinifungia. Ningeweza kulibeba mwenyewe. Lakini siku zile mwalimu kuonekana na mzigo kichwani ilikuwa aibu, au mimi niliona hivyo, nikamwomba kaka yangu anisindikize na kunibebea.

Mama hakutaka. Kila mtu alijua askari walikuwa wakikamata wanaume njiani ili wabebe mizigo ya jeshi. Waliokwenda hawakuwa wakirudi. Na kaka yangu alikuwa na mke na mtoto mchanga, huyu huyu anayeniuliza leo.

"Nikiwa naye nani atamgusa?" nikamwambia mama. "Mimi ni mtu wa serikali."

Mama akanitazama, kisha akamgeukia kaka yangu. "Ukifika kwa askari usikimbie, usikasirike. Weka fimbo chini umsalimu kama unavyomsalimu mtu mzima wa nyumbani. Naye ana mama yake huko alikotoka."

"Nitamsalimu, mama."

"Umsalimu vizuri."

"Vizuri, mama. Mpaka achoke kuitikia."

Njiani nikaanza kumfundisha salamu ya kiaskari, maana ile ya nyumbani niliiona itatuaibisha. Nilimwonyesha: simama wima mbele ya mkubwa wa askari, gonga visigino, sema "Sabalkheri, bwana ombasha," basi, nyamaza. Yeye alilitua sanduku, akajaribu. Alikuwa hana viatu. Visigino vyake vilitoa sauti kama mtu anayekanda matope, akacheka hadi akashika tumbo.

"Sasa wewe ukigonga hivyo kila mahali, bwana mwalimu, si utawaamsha nyoka wote wa Ugogo?"

"Kaka, hili si jambo la mzaha."

"Na mbona humuulizi kwao wameamkaje?"

"Askari haulizwi."

"Basi hiyo si salamu," akasema. "Hiyo ni kelele." Akalitwika tena sanduku, tukaendelea.

Nieleze alivyokuwa, maana jambo lote liko hapo. Alivaa kaniki moja iliyofungwa begani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa nyuzi nyembamba na kupakwa udongo mwekundu na mafuta, na ndewe za masikio zilikuwa zimetanuliwa kwa vipande vya mti. Kijana wa Kigogo aliyependeza hasa. Wasichana wa Mlali walimtungia nyimbo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa miaka shuleni nikisikia watu wa namna hiyo wakiitwa washenzi, na kadiri tulivyokaribia reli ndivyo nilivyozidi kutembea mbele yake, hatua kadhaa, kama vile hatukuwa pamoja.

Tulilala kwa jamaa karibu na Mpwapwa, na asubuhi tukashika barabara ya Gulwe. Mvua ilikuwa imenyesha. Kabla ya kushuka bondeni kuelekea stesheni tukakuta kizuizi, mti umelazwa barabarani juu ya magogo mawili, na kando yake kibanda cha majani. Askari wawili walisimama na bunduki. Ombasha, yaani mkubwa wao mwenye tepe mkononi, alikaa juu ya kasha. Upande wa pili wa njia walikuwa wanaume wamekaa chini kwenye matope, wamefungwa kamba moja shingoni, wakitazama ardhi.

Nilivua kofia. Nikapiga hatua, nikagonga visigino.

"Sabalkheri, bwana ombasha."

"Aheri. Cheti?"

Nikampa kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, lakini alijua muhuri. Alinirudishia kwa adabu. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi chache kidevuni, na kwa matamshi yake nilijua ametoka Unyamwezi.

"Mwalimu. Haya, unapita."

Hapo ndipo nikasikia sanduku likiwekwa chini nyuma yangu. Nikageuka. Kaka yangu alikuwa ameilaza fimbo yake kwenye nyasi, mbali na mkono, kama afanyavyo mtu anayeingia nyumba ya wakwe. Akachuchumaa. Akangoja hadi ombasha amtazame. Hakuharakisha.

"Mbukwenyi," akasema kwa Kigogo. Kisha kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bwana mkubwa, umeamka?"

"Simama!" nikamnong'oneza kwa Kigogo. Hakusimama.

"Nimeamka," ombasha akajibu.

"Na hawa wadogo zako, wameamka?"

Askari mmoja akacheka. "Wadogo zako, ombasha! Huyu ametupa ukoo."

"Tumeamka," ombasha akasema. Hakucheka.

"Mvua haikukunyeshea usiku? Nyumba yako hii naona inavuja."

"Inavuja sana."

"Pole. Na kwenu mbali huko, ng'ombe wameamka? Watoto? Mama yako ameamkaje?"

Yule askari akapiga paja. "Anakuposea dada yako huyo, ombasha! Mwambie mahari!"

"Nyamaza wewe," ombasha akamwambia. Akamgeukia kaka yangu. "Mama yangu," akasema. "Mama yangu sijui ameamkaje. Tangu nivae koti hili sijaulizwa habari zake na mtu."

"Ameamka," kaka yangu akasema kwa utulivu, kama mtu aliyetoka kumwona. "Anakusalimu."

Ombasha akainuka kutoka kwenye kasha lake. Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba uso wake ulibadilika ukawa uso wa mtu wa nyumbani. Hata wale waliofungwa kamba waliinua vichwa. Akanigeukia mimi na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kutenda jema na anatafuta tu sababu ya kulitenda:

"Mwalimu, huyu ni nani wako?"

Nilikuwa nimeungua kwa aibu tangu kaka yangu alipochuchumaa. Nilisikia kile kicheko cha askari bado kinanizunguka, nikaona kaniki, matope miguuni, udongo mwekundu unaotiririka shingoni kwa jasho. Jibu lilitoka kabla sijalifikiri.

"Ni mchungaji wetu tu, bwana ombasha. Amenibebea sanduku."

"Mchungaji?"

"Ndiyo, bwana."

"Si wa damu? Sura zenu zinafanana." Akasogea karibu. "Wa damu ya mwalimu ninaweza kumpisha. Mchungaji siwezi. Nimeagizwa watu, na waliopatikana hawatoshi."

Mlango alinifungulia mara ya pili, akaushika kwa mkono wake usijifunge. Ningesema, "Nisamehe, bwana, ni kaka yangu, tumbo moja." Labda angenichapa kofi kwa uwongo. Labda wangecheka tena. Niliogopa kuonekana mwongo mbele ya mtu aliyeniita mwalimu. Nikagonga visigino.

"Si wa damu, bwana."

Ombasha alinitazama, kisha akamtazama kaka yangu, ambaye alikuwa bado amechuchumaa. Kiswahili cha kaka yangu kilikuwa kidogo, lakini neno damu alilijua, na mchungaji alilijua pia. Hakusema kitu cha kunisahihisha. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini. Nadhani aliona kuwa nikisahihishwa na yeye nitaaibika mbele ya askari, na mimi nilikuwa mdogo wake.

"Basi abaki," ombasha akasema taratibu. "Sanduku lako beba mwenyewe."

Nami nikasema, "Ahsante, bwana ombasha."

Ndivyo nilivyosema. Sauti yangu ilikuwa tulivu na yenye adabu, kama nilivyofundishwa.

Yule askari mcheshi alimwongoza kaka yangu hadi kwenye kamba. Hakuburutwa. Aliiacha fimbo yake kwenye nyasi, na alipopita karibu nami akasema kwa Kigogo, "Libebe begani, si kichwani, huku chini kunateleza." Kisha, kamba ikiwa tayari shingoni, akaniita kwa jina langu la utotoni na kuongeza, "Mwambie mama nimesalimu."

Gari moshi liliondoka nami ndani yake.

Jeshi la Wajerumani liliporudi nyuma kwenda kusini, mizigo ilikwenda nalo, na wabebaji wakaenda na mizigo. Kaka yangu hakurudi. Baada ya vita mtu mmoja aliniambia alimwona ng'ambo ya Ruaha akiwa na homa. Mwingine alisema si yeye. Sikupata neno jingine.

Nilikwenda Mlali Wajerumani walipokwisha kuondoka Dodoma. Habari ilikuwa imenitangulia, kwamba amekamatwa barabara ya Gulwe. Mama alikuwa mbele ya nyumba akipepeta uwele. Mke wa kaka yangu alikaa nyuma yake na mtoto mgongoni. Tulisalimiana, salamu ndefu ya kwetu, kila kitu kikaulizwa, watu, mifugo, mvua, na mama akaitikia yote. Alipomaliza akauweka ungo chini.

"Hakumsalimu?"

Nilikuwa nimeubeba ule ujumbe tangu Gulwe. Lakini niliona swali litakalofuata. Nikisema alisalimu, na alisalimu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, mama angeuliza: sasa kwa nini alikamatwa? Na mimi ndiye niliyekuwepo.

Nikainamisha kichwa.

"Hakumsalimu," mama akasema, akijijibu. "Nilimwambia. Alikuwa na mzaha mwingi yule. Nilimwambia amsalimu vizuri."

Mama aliendelea kuishi miaka mingi baada ya hapo, na kila kijana wa nyumbani alipoondoka kwenda safari alimsimamisha mlangoni na kumwambia, "Salimu watu. Mwanangu hakusalimu, akapotea." Nilikuwa nikisimama pale pale nikisikia. Siku tuliyomzika niliweka mkono juu ya udongo, nikafungua mdomo, na wajukuu walikuwa wengi pale, nikaufunga.

Wewe uliyekuwa mgongoni siku ile, haya ndiyo uliyokuwa ukiniuliza. Baba yako aliweka fimbo chini. Alichuchumaa. Alimuuliza askari habari za mama yake, naye askari akataka kumwachia. Alisalimu, tena vizuri.