Sauti Iliyobaki Silibwet

Kazi yangu ilikuwa kupanga vipindi vya kurekodi mchezo wa redio. Waigizaji walikuwa nyumbani kwao, huku Bomet na Kericho, na dairekta alikuwa Nairobi akiwasikiliza kwa simu ya mtandao. Wiki ya kwanza nilikosea. Nilirekodi ile simu yenyewe, nikapata sauti zilizokatikakatika, na tukarudia kila kitu.

Baada ya hapo kila mwigizaji nilimpa kinasa sauti kidogo. Kinarekodi palepale mezani, simu ni ya kupokea maelekezo tu. Na lazima uvae visikizio, la sivyo sauti ya dairekta inaingia kwenye kazi.

Aliyenitia wasiwasi ni mama mmoja wa Silibwet, mstaafu wa kiwanda cha majani chai. Wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa ziwa. Alikuwa hajawahi kuigiza popote isipokuwa kanisani. Tulitundika blanketi ukutani, tukapanga kurekodi asubuhi, maana alasiri mvua ikigonga mabati hakuna kazi.

Siku ya onyesho lake kubwa, dairekta alichelewa. Tulianza saa saba, mimi nikisikiliza kutoka Bomet mjini, wingu limeshatanda. Mama alicheza mzazi anayengoja habari za mwanawe hospitalini. Mara tatu alilia.

"Mama, usilie," dairekta akamwambia. "Zuia machozi. Ongea kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa."

Mama akaanza upya. Sentensi mbili tu, nikasikia nywele zikinisimama. Kisha simu ikakatika.

Nilipiga mara nne bila kumpata. Dairekta alinipigia pembeni. "Ile hatuwezi kuipata tena. Aliendelea, au amesimama?"

Sikujua. Mara ya tano mama akapokea, mvua ikinguruma nyuma yake.

"Nimemaliza. Mmesikia vizuri?"

"Mama, ile taa nyekundu ya kinasa bado inawaka?"

"Inawaka. Si uliniambia nisiiguse mpaka useme?"

Basi kinasa hakikuwa kimesimama. Nikamwambia abonyeze kitufe cha kusimamisha mara moja, angoje taa izime, asitoe betri.

Netwaki ya kwake haikuweza kutuma faili kubwa namna ile, kwa hiyo asubuhi yake alikuja mwenyewe Bomet mjini kwa boda, memori kadi ameifunga kwenye leso. Niliifungua mbele yake. Sauti yake ilikuwepo yote, tulivu, hadi neno la mwisho. Alivuta pumzi, na pumzi ilipoisha, tone la kwanza likagonga bati.

Nilimtumia dairekta. Akajibu haraka: "Hiyo hiyo. Hatugusi kitu."

Nilipomsomea mama ujumbe huo na kumweleza kwamba simu ilikatika mapema, alicheka mpaka akavua miwani.

"Kumbe nilikuwa naongea peke yangu," akasema. "Afadhali hivyo. Mngekuwa mnanisikia, mngenikatiza tena."