Mahindi ya Shemeji Muoki

Mama Nzau, jina lake Mbinya, anauza mahindi na maharagwe pale soko la Mbotela, meza yake imepakana na yangu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Ukimwomba gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia, atakujazia mpaka punje zidondoke, halafu akutukane ukisema asante kwa sauti ndogo. Mwaka huu tulijiandikisha masomo ya biashara ya Jumamosi, mimi na yeye, na watoto wetu wakatucheka mpaka tukaamua hatuachi ng'o.

Mwalimu Ndung'u alitupa mradi: chagueni chakula kimoja, mchore mnyororo wake wa thamani kutoka shambani hadi sufuriani. Nani yumo, kila mmoja anabaki na nini, na mzigo unakwama wapi. Kundi letu lilikuwa sisi wawili na Tiffany, msichana wa kikokotoo. Tukachagua mahindi. Ungechagua nini tena ukikaa na Mama Nzau?

Mahindi yake huletwa kutoka Matuu na Muoki, ndugu ya marehemu mumewe. Tiffany akachora mviringo wa mkulima, wa Muoki, wa Mama Nzau, na wa mnunuzi. Muoki ananunua kilo kwa thelathini na tano, anamuuzia Mama Nzau kwa arobaini na tano. Toa gari, magunia, wapakiaji na ushuru, anabaki na shilingi tano. Mama Nzau, akishatoa kodi ya meza na punje zilizooza, anabaki na tatu.

"Tano!" Mama Nzau aliruka. "Mimi nakaa juani kutwa, yeye anakula tano? Shemeji wangu?"

Nikamwambia, dada, tulia. Wapi! Alimpigia Muoki papo hapo akamwambia asilete gunia lingine, atatafuta wakulima mwenyewe. Mimi moyo uliniuma. Huyo Muoki ndiye aliyemletea mahindi kwa mkopo mwaka aliofiwa, wakati sisi wengine tulimletea pole tu.

Jumamosi akasimama mbele ya darasa, kitambaa kipya kichwani, akauchora mchoro ubaoni na kuandika jinsi dalali Muoki anavyonona. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Ndung'u akauliza kitu kimoja tu: "Hayo mahindi, Muoki anayapima shambani yakiwa makavu au mabichi?"

Mama Nzau akageuka kutafuta jibu ubaoni. Hata mimi sikujua. Kwake hufika makavu, yanalia yakimwagwa kwenye meza, basi utafikiri yamezaliwa hivyo.

"Mpigie umuulize," mwalimu akasema.

Jamani, niliona aibu kwa niaba yake. Kumpigia mtu uliyemfukuza, tena simu iwe kwa sauti mbele ya darasa! Lakini alipiga. Ikapokewa na Mbeti, mke wa Muoki, akihema.

"Mama Nzau, ongea haraka, mvua inakuja, nafunika mahindi."

"Unafunika wapi?"

"Kwenye turubai, wapi tena? Tunayanunua yana maji, kilo mia zikikauka nabaki na tisini na mbili hivi. Yakinyeshewa yanaota ukungu, tunayatupa. Nimeyageuza tangu asubuhi, mgongo hauko."

"Na Muoki anakulipa ngapi?"

Mbeti alicheka mpaka darasa zima likacheka naye. "Kunilipa? Mimi?"

Tiffany akarudi kwenye kikokotoo. Maji yaliyokauka peke yake yalikula karibu shilingi tatu kwa kila kilo. Zikabaki mbili. Mwalimu akasema tuweke na ujira wa anayegeuza, kama vile angekuwa kibarua wa kulipwa. Ikabaki shilingi moja, nayo inachechemea. Mzigo haukukwama kwa dalali, ulikwama kwenye turubai, mvua ikinyesha hakuna pa kukaushia. Mama Nzau akafuta maandishi yake kuhusu Muoki kwa kiganja, chaki ikamjaa mkononi.

"Mbeti," akasema, na sauti haikuwa ile ya kututukana, "mwambie shemeji nilikosea. Alete mzigo. Na tukutane tuongee habari ya sakafu ya kukaushia yenye paa, mimi nitachanga. Wenzangu wa meza watachanga, wasipochanga nitawasema."

Hapo alinitazama mimi. Mimi nauza omena, jamani! Lakini nikatikisa kichwa kwamba sawa, na nilifurahi kutikisa.

"Nitamwambia," Mbeti akasema. Tukasikia matone ya kwanza yakipiga turubai. "Lakini huko darasani mnachora watu wa mahindi, si ndiyo? Mimi mmenichora?"

Mama Nzau akatazama ubao. Akachukua chaki, akachora mviringo mkubwa kuliko wa Muoki, kuliko hata wake, akaandika ndani: Mbeti.

"Umo," akamwambia. "Sasa kafunike mahindi."