Jina la Mgongoni mwa Kadi

"Jina langu halikai hapo, Mama. Nimesema."

"Litakaa."

"Halikai! Samwel akigeuza kadi akaliona, ataitupa jikoni waiwashie moto."

"Basi itawaka vizuri. Karatasi yako ni nene."

Lukresia alisukuma kiti nyuma, akamtazama mama yake kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. Bibi Anastazia hakutikisika. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, miguu haifiki chini. Alikuwa ametoka Butiama asubuhi akiwa na neno moja tu: Jumapili mjukuu wake Fredi anabatizwa, na bibi hawezi kwenda mikono mitupu. Anataka kadi, lakini siyo ya dukani yenye maua ya Wachina. Anataka kadi ya mkono wa binti yake, na nyuma yake jina la binti yake.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana Fredi ni mtoto wa Samwel, na Samwel na dada yake Lukresia hawasemeshani.

Mwisenge nzima inamjua Lukresia wa stesheneri. Anatoa fotokopi na kuchapa barua za maombi ya kazi, lakini watu wanamfuata kwa kadi. Harusi, kipaimara, pole ya msiba, hongera ya kujifungua, zote zimepita mikononi mwake. Kadi zake unazijua kwa mgongo. Nyuma kabisa, chini, katikati, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, huandika: *Kadi za Lukresia, Mwisenge, Musoma*, na namba ya simu. Kuna watu wanasema kadi yake moja ilifika kisiwani Rukuba ikiwa ndani ya tumbo la sangara na bado maandishi yalisomeka. Bibi Anastazia ndiye aliyeanza kusema hivyo, na siku hizi wengine wanaapa walimwona huyo sangara.

Kazi hiyo Lukresia aliipata Bunda. Aliolewa huko na Mwandu, na ng'ombe wa mahari wakaja Butiama wakinenepa njia nzima. Kila mtu alijua ng'ombe wale ni wa nani. Kwao, ng'ombe wa dada ndio mke wa kaka: hao hao ndio anaowatolea mahari. Samwel alikwisha kupata mchumba na siku ilikwisha kutajwa. Kumbe kule Bunda Mwandu alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Lukresia alivumilia, akavumilia, mpaka siku moja akatoka na nguo alizovaa, akaomba kazi ya kufagia kwenye duka la uchapaji. Alianza kwa kufagia vipande vya karatasi, akaishia kuzikata mwenyewe. Lakini kuondoka kwake kulikuwa na bei yake: watu wa Mwandu walikuja wakaswaga ng'ombe wao. Bibi Anastazia huwa anasimulia kwamba ng'ombe mmoja mweupe alipofika njia panda aligeuka, akapiga magoti na kukataa kwenda, mpaka padre alipoitwa. Labda. Lililo kweli ni kwamba mchumba wa Samwel aliolewa na mwingine, na Samwel alikaa bila mke miaka mingi. Alipooa hatimaye, kwa jasho lake mwenyewe, hakumwalika dada yake. Sasa amepata mtoto wa kwanza.

"Nitakutengenezea kadi nzuri kuliko zote," Lukresia alisema, sauti ikishuka. "Lakini mgongo utabaki mweupe. Nataka aipokee. Nikijiandika hataipokea. Mtoto atakua hajui hata kipande cha karatasi kilichotoka kwangu."

"Fungua hiyo mashine yako kwanza. Mgongo tutaugombania baadaye."

Lukresia akafungua kompyuta. Kwa mazoea alilaza karatasi kwa mapana, akapiga mstari katikati juu hadi chini. Kulia picha ya mbele, kushoto mgongo. Upande wa pili wa karatasi, shairi litakaa kulia. Akachapa kwenye karatasi nyepesi ya kujaribia, akaikunja, akampa mama yake aone itakavyofunguka kama kitabu.

Bibi Anastazia hajui kusoma, ila kutundika anajua. Alivua kitambaa cha kichwani, akaunyoosha ukingo wake kati ya mikono miwili, akasema, "Iweke hapa."

"Kwa nini?"

"Mke wa Samwel amefunga uzi ukutani, sebuleni. Kadi zote anazianikaga pale, kama nguo. Krismasi, pasaka, zote zinaupanda uzi kama farasi. Iweke."

Lukresia akaipandisha kadi juu ya kitambaa. Ikakaa vizuri, lakini picha ililala ubavu.

"Umeona? Mjukuu wangu atakuwa amelala kiubavu mwaka mzima, wageni wanapindisha shingo. Watasema bibi yake alikunywa."

Lukresia alicheka bila kutaka. Alikuwa ametengeneza kadi miaka yote hiyo, na hakuwahi kuingia katika sebule ile kujua kwamba wanaanika kadi. Kicheko kikamkatikia njiani.

Akaanza upya. Safari hii alisimamisha karatasi kwa marefu, mstari wa kukunja ukapita katikati kutoka kushoto kwenda kulia, ili mkunjo uwe juu kama paa la nyumba. Nusu ya chini akaweka picha ya mbele. Ilikuwa picha iliyopigwa kwa simu: Fredi amelala juu ya khanga ya bibi, ngumi moja shavuni. Bibi alikuwa ametaka mtoto awekewe ng'ombe pembeni.

"Ng'ombe, Mama? Kwa Samwel? Kutoka kwangu?"

"Si ndio atacheka."

"Hatacheka."

Ng'ombe akaachwa. Lukresia akapunguza kingo za picha mpaka uso wa mtoto ukakaa katikati, akaacha nafasi pembeni ili kisu cha kukatia kisiguse ngumi ile. Kisha akageukia ndani.

"Haya, sema maneno yako. Nusu ya chini tu, ndiyo itakayosomeka mtu akiinua."

Bibi Anastazia akafumba macho na kuimba pole pole, na binti akachapa:

*Fredi, karibu nyumbani, umekuja na baraka,*
*Kua, tambaa, simama, na usichoke kucheka.*
*Ukijua barabara, uje Mwisenge haraka,*
*Yuko mtu mlangoni, mikono imekunjuka.*

Vidole vya Lukresia vilisimama.

"Mtu gani huyo wa mlangoni?"

"Mimi nitajuaje? Mimi naimba tu. Mwisenge watu wako wengi."

"Mama."

"Chapa, mwanangu. Shangazi hawezi kufutwa kwa kifutio. Mtoto akiota jino shangazi anaitwa, akioa shangazi anaitwa. Huyu ataitiwa nani? Mwenyekiti wa kijiji?"

Lukresia alichukua karatasi ngumu, ile nyeupe yenye kung'aa upande mmoja, akachapa nje kwanza. Fredi akatoka mashineni akiwa bado amelala. Akaigeuza karatasi, akairudisha, akachapa ndani. Akaikunja.

Shairi lilikuwa kichwa chini.

Alikaa akalitazama. Alikuwa ameigeuza karatasi kama anavyogeuza ukurasa wa daftari, badala ya kuipindua kutoka chini kwenda juu. Wanafunzi wa kujifunza kazi ndio hukosea hivyo, tena wiki ya kwanza. Yeye alikuwa hajaharibu karatasi namna ile tangu Bunda. Akaifunika kadi kwa kiganja, machozi yakamtoka.

Bibi Anastazia alishuka kwenye benchi. Hakusema kitu cha kuchekesha. Alisimama nyuma ya kiti, akaweka kidevu chake juu ya kichwa cha binti yake, kama alivyokuwa akifanya zamani akimsuka.

"Ulifanya vizuri kutoka kwa yule mtu," alisema. "Sijakwambiaga. Ng'ombe waende. Ningekuzika, wangenisaidia nini?"

Nje mtu aliita kutaka fotokopi, bibi akamjibu kwamba mashine inajifungua, arudi kesho. Mteja akaenda.

Lukresia alipangusa macho. "Kuna kitu sijakwambia," alisema. "Kadi ya kupanda uzi, mgongo wake unaangalia ukuta. Nikiandika nyuma, hakuna atakayeona. Mpaka mtu aishushe mwenyewe."

"Basi si uandike. Utakuwa unaongea na ukuta."

"Nitakuwa sebuleni kwao."

"Mwaka mzima," Bibi alisema. "Na chai hunywi."

Lukresia akarudi kwenye nusu ya juu ya karatasi, ile ya mgongo. Akaandika jina lake kwa herufi ndogo kabisa, akaliweka katikati, karibu na ukingo wa juu, kisha akalizungusha lote likasimama kwa kichwa.

Bibi aliruka. Kusoma hajui, lakini maandishi aliyajua yanavyokaa. "We! Umejigeuza miguu juu! Nani kasema umekufa?"

"Subiri, Mama."

"Nasubiri nini, mtu anajipindua mwenyewe!"

Lukresia akachapa nje, kisha akaipindua karatasi, chini ikawa juu, akachapa ndani. Akaweka rula katikati, akapitisha kalamu iliyokwisha wino akikandamiza, ili karatasi ngumu isipasuke kwenye mkunjo. Nusu ya juu akaikunja kwenda nyuma. Akageuza kadi. Jina lilikuwa limesimama wima, chini katikati ya mgongo, dogo na safi. Akainua jalada. Shairi lilikuwa wima pia.

Bibi Anastazia aliishika kadi, akaifunga, akaifungua, akachungulia nyuma, akaipandisha tena juu ya kitambaa chake. Fredi alining'inia vizuri, ngumi shavuni.

"Haya mambo," alisema, "angeyajua shetani angekuwa fundi."

"Iweke kwenye bahasha basi, uwahi gari la Butiama. Mwambie umenunua mjini. Ili asiutafute mgongo siku hiyo ya sherehe."

"Gari? Mimi sipandi gari. Nina mguu umevunjika."

"Mguu upi?"

Bibi aliangalia miguu yake yote miwili, akichagua. "Huu. Nilimpigia Samwel nilipoingia, ulipokwenda kununua wino. Nimemwambia pikipiki imenibwaga Mwisenge, mfupa umetokeza nje, nimeokotwa na mama mmoja mwenye stesheneri, msamaria kabisa, sijui hata jina lake."

"Mama! Samwel anajua duka langu liko wapi?"

"Nimemwambia lina mlango wa bluu. Kaniuliza mara mbili, wa bluu? Nikasema wa bluu. Akanyamaza, mwanangu, akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema nakuja."

"Amesema anakuja? Alijua ni hapa, akasema anakuja?"

"Mimi nilikuwa na maumivu, sikuuliza sana. Lakini sauti yake..."

Pikipiki ikazima nje. Bibi Anastazia akaparamia benchi na kunyoosha mguu, akasahau ni upi. Lukresia alibaki amesimama, kadi mkononi, mgongo wa kadi ukiangalia mlango. Mwanamume mrefu akainama kuingia, kofia ya chuma kwapani, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Alimtazama mama yake haraka, akamwacha. Macho yakaenda kwa yule aliyesimama.

"Dada," alisema Samwel.