Tokeni Iliyobeba Jina Langu

Studio ya Bi Mkubwa iko Kikwajuni, mjini Unguja, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mimi nilikuwa mhariri wake wa video za harusi. Chumba cha nje mtu yeyote aliingia. Chumba cha ndani, mwanamme hakupita. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Bibi harusi anapotolewa ukumbini mbele ya wanawake wenzake, nywele zimefumuliwa, mabega wazi, hina mpaka viwikoni, anataka kumbukumbu ya siku ile, lakini hataki jicho la mwanamme limfikie. Wapiga picha wetu walikuwa wanawake, mimi mhariri mwanamke, na Bi Mkubwa mwenyewe akikabidhi kila harusi kwa mkono wake kwa mama wa bibi harusi.

Video zote zilikaa kwenye seva yetu, sanduku jeusi lililowekwa kwenye kijistoo nyuma ya mapazia ya kupigia picha. Halikuwa na kioo wala kibodi. Nikitaka kulifanyia jambo, niliingia kwa mtandao kutoka kwenye kompyuta yangu ya mkononi na kuliandikia amri, likanijibu kwa maandishi matupu.

Mwaka nilioanza kazi, diski moja ilikufa. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma. Harusi moja ikapotea, na Bi Mkubwa alikwenda mwenyewe kuomba radhi kwa wenyewe, akarudi hana rangi. Aliniambia nitafute njia yoyote, video ziwe na nakala pahala pengine. Nikaweka rclone kwenye seva, programu inayonakili mafaili kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Hifadhi hiyo haikubali mgeni. Lazima mwenye akaunti aingie kwenye kivinjari, aandike neno lake la siri, abonyeze kuruhusu. Seva isiyo na kioo haina kivinjari. Rclone inalijua hilo: iliniuliza kama nitatumia kivinjari hapo hapo, nikajibu hapana, ikanipa mstari wa amri unaoanza na rclone authorize, niupeleke kwenye mashine yenye kivinjari. Niliuendesha kwenye kompyuta yangu, ukurasa ukafunguka, nikaingia, nikaruhusu, na kompyuta ikanitolea mlolongo mrefu wa herufi. Hiyo ndiyo tokeni, ufunguo unaoiruhusu seva kuingia kwenye akaunti bila neno la siri. Nikaibandika kwenye seva, basi. Tangu hapo, kila alfajiri seva ilipeleka harusi mpya mtandaoni bila kumuuliza mtu.

Akaunti niliyoingilia ilikuwa yangu mimi. Bi Mkubwa hakuwa na kompyuta, na akaunti yake, iliyofunguliwa na fundi wa simu, hakujua hata neno lake la siri. Tulisema ni kwa muda tu. Yeye ananunua nafasi, mimi natoa jina. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na wanawake wa Unguja, wa mjini na wa shamba, wakaendelea kuingia kwenye hifadhi yenye jina langu.

Halafu nikapata kazi Kendwa, kaskazini mwa kisiwa. Hoteli moja ilitaka mtu wa kuangalia kompyuta zake, na mimi nilikuwa nimechoka kukata video za watu wengine wakicheza. Nilimwambia Bi Mkubwa kwa adabu zote. Alinipa baraka, akasema ataniombea dua. Nikamwambia limebaki jambo moja dogo: akae na mimi kwenye kompyuta, tubadilishe neno la siri kwa simu yake, aingie kwa akaunti yake, tutengeneze tokeni mpya, seva iache kuja kwangu. Kazi ya kunywa kikombe cha chai.

Alisema kesho. Kesho yake palikuwa na harusi Bwejuu. Baada ya Bwejuu ikaja harusi nyingine, maana ilikuwa Shaabani, na kila mtu alitaka kuozesha kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nikimkumbusha, ananiambia, "Mwanangu, hebu tumalize hii kwanza." Hoteli wakanipigia kuniuliza nnakwenda lini. Nikawaomba wanisubiri.

Ningeweza kuondoka tu. Kwenye akaunti yangu kuna ukurasa unaoonesha programu ulizoziruhusu. Ningeifuta ruhusa ya rclone pale, na tokeni ingekufa. Lakini kila harusi mpya ingebaki na nakala moja tu, ile inayoliwa na chumvi, na mimi ndiye niliyeshuhudia sura ya Bi Mkubwa siku diski ilipokufa. Na nikiiacha kama ilivyo, ningekuwa Kendwa, katika ofisi yenye wanaume, huku kila alfajiri bibi harusi mpya anaingia kwenye akaunti iliyo wazi kwenye kompyuta yangu. Nilianza kuogopa kuifungua mbele za watu. Kaka yangu aliniomba kompyuta siku moja aandike barua ya maombi ya kazi, nikamnyima, na sikuweza kumwambia sababu. Alinuna kwa muda mrefu.

Siku moja Bi Mkubwa alikuja na wazo lake. Kwa nini nisimtumie ule ukurasa wa kuruhusu kwenye simu, aubonyeze nyumbani kwa nafasi yake? Nilimweleza hautafanya kazi. Anwani ile inaanza na 127.0.0.1, na maana yake ni "mashine hii hii niliyopo". Kwenye kompyuta yangu inaifikia rclone iliyokaa kusubiri jibu. Kwenye simu yake, simu ingejitafuta yenyewe isikute kitu. Hakuamini. Nikamtumia, akabonyeza mbele yangu, simu ikasema haiwezi kuufungua. Akaniangalia kama kwamba mimi ndiye niliyeifunga.

Mwishowe alikaa nami kwenye kompyuta. Ilikuwa baada ya adhuhuri, duka la chini limefungwa kwa sala. Nilianza usanidi mpya kwenye seva, nikauhamishia ule mstari kwenye kompyuta yangu, kivinjari kikafunguka. Hapo hapo mteja akagonga mlango wa nje, nikatoka kumpa bahasha yake. Niliporudi, ukurasa ulikuwa umekwisha kuandika kwamba imefaulu, nirudi kwenye rclone. Bi Mkubwa ameshavaa buibui. Nilimshukuru, akaenda zake. Nikabandika tokeni, nikahifadhi, nikaiagiza seva ioneshe makabrasha yaliyomo kwenye hifadhi mpya.

Zikaja harusi zile zile. Na katikati yake, kabrasha la masomo yangu ya chuo.

Kivinjari changu kilikuwa kimeingia tayari kwa akaunti yangu. Ukurasa ulitoa jina moja la kuchagua, langu, na yeye alilibonyeza. Seva sasa ilikuwa na njia mbili, zote mbili zinakuja kwangu. Nilijilaumu kwa kumwacha peke yake na kioo. Nilipaswa kufungua dirisha la faragha la kivinjari na kubandika anwani humo, kwa sababu dirisha lile halikumbuki aliyeingia. Wiki ile hoteli ya Kendwa walinipigia tena, kwa upole, kuniambia wamempata mtu mwingine.

Sikumwambia Bi Mkubwa kwa siku kadhaa. Nilikata vigelegele, nikapanga nyimbo, nikahisi chumba cha ndani kinazidi kuwa kidogo. Alipoona sisemi, alileta mwenyewe sahani ya vitumbua akaiweka baina yetu, akaniuliza kama ile kazi ilikamilika.

Nikamwambia lilibonyezwa jina langu badala ya lake, na kwamba kazi ya Kendwa imekwenda. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mshangao. Hakushangaa.

"Nilisoma," alisema. "Nilijua ni jina lako. Nikabonyeza."

Nilimwuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa na adabu yoyote.

Aliisogeza sahani pembeni. Halafu akaniambia simu yake nyumbani si yake. Mume anaitumia kupokea ujumbe wa msikitini, watoto wake wa kiume wanachezea, shemeji anaiazima akija. Akaunti ya simu ile ikipewa harusi zile, siku moja kijana atafungua tu, bila nia mbaya, amkute mke wa jirani bila mtandio. "Kwako zilikuwa salama. Mimi nalala kwa sababu ziko kwako," alisema. "Niliona haya kukwambia kuwa nyumbani kwangu sina kitu kinachofungwa."

Nilikuwa nimekasirika, na hasira haikuondoka kwa maneno yale. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua mlango uko wapi. Muda wote nilikuwa nikimlazimisha aingie kwa akaunti ambayo hangeweza kuitumia, na yeye akinikwepa kwa harusi. Nikamwambia hatuihitaji akaunti ya simu yake. Tutafungua mpya, ya studio, isiyogusa simu ya nyumbani hata kidogo. Namba ya kuthibitisha itakuwa ya simu ndogo ya kubonyeza, ikae hapa, kwenye kabati la lenzi, ambalo ufunguo wake anautundika shingoni siku zote.

Aliuliza kama mimi nitalijua neno la siri. Nikasema hapana, ataliandika mwenyewe na mimi nitageuza uso.

Tulifanya hivyo. Akaunti tuliifungulia kwenye dirisha la faragha, yeye akitafuta herufi moja moja, mimi nikiangalia mapazia. Nafasi akainunua. Nikarudi kwenye seva, nikaufuta usanidi ule wa pili, nikauanza upya. Nikaendesha authorize kwenye kompyuta yangu. Kivinjari kilifunguka na jina langu kama kawaida. Nikaufunga ukurasa bila kugusa kitu, nikaichukua anwani ile ile kwenye maandishi ya rclone, nikaibandika kwenye dirisha la faragha. Safari hii halikutokea jina la mtu. Aliandika lake. Simu ndogo ikalia kabatini, akaenda kusoma namba, akarudi nayo midomoni asiisahau. Ukurasa ukamwuliza kama anairuhusu rclone iyaone na kuyashughulikia mafaili yake. Alinitazama.

"Nikibonyeza hapa, wewe unatoka?"

"Natoka, Bi Mkubwa."

Akabonyeza.

Tokeni ilitoka, ndefu kama zote. Niliibandika kwenye seva mbele yake, kisha nikasafisha maandishi yale kwenye kompyuta yangu, kwa sababu anayeishika tokeni anaishika hifadhi nzima. Nikaagiza seva ioneshe yaliyomo. Haikuonesha kitu. Kwake ilikuwa tupu, na sijawahi kufurahia utupu namna ile.

Kupakia upya kulichukua muda mrefu, mtandao wetu mnaujua. Ramadhani iliingia na kutoka seva ikiwa bado inapeleka. Nilibaki mpaka mwisho, kwa hiari yangu safari hii, ingawa kukaa ni kukaa na wakati mwingine sikuona tofauti. Amri ya rclone check ilipolinganisha pande zote mbili na kusema hakuna kinachotofautiana, nilifuta harusi zote kwenye hifadhi yangu, nikamwaga na pipa la taka. Halafu nikaenda kwenye ule ukurasa wa ruhusa, nikaiondoa rclone.

Kazi nyingine sikuipata haraka. Nilikaa nyumbani miezi, nikitengeneza kompyuta za majirani, na Bi Mkubwa alinipigia mara kwa mara kuniuliza mambo ambayo majibu yake aliyajua. Kendwa nilikwenda mwaka uliofuata, kwenye hoteli nyingine. Kabla ya kuondoka nilimpelekea kaka yangu kompyuta, nikamwambia aandike anachotaka. Aliuliza kwa nini sasa. Nikamwambia humo ndani nimebaki peke yangu.