Paa la Zege la Korogwe

Miaka ile Waingereza walipokuwa bado wanatuchorea kila kitu, pamoja na mipaka yetu, mimi nilikuwa msaidizi katika ofisi ya ujenzi ya Korogwe. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Kampala na shahada ya jiografia, suruali mbili za kaki, na imani kwamba nchi nzima ilikuwa inanisubiri. Nchi ilinipa kiti kisicho na mgongo na kazi ya kunakili ramani za watu wengine.

Ramani iliyonitoa kwenye kiti hicho ilikuwa ya wodi ya wazazi. Mkunga wa zahanati ya Korogwe, mama mnene wa Kishambaa asiyemwogopa mtu, alikuwa akizalisha wanawake katika chumba kilichojengwa kuwa ghala. Baraza la wenyeji likakubali kumjengea wodi. Mhandisi wetu, Mwingereza, akaniletea mchoro: kuta nene za mawe, madirisha madogo kama ya gereza, na juu paa bapa la zege lililorundikiwa udongo.

Niliutambua. Ulikuwa wa zahanati aliyoijenga magharibi ya Handeni, kule nyika inakoanza na Wamasai wanapita na ng'ombe. Alikuwa na haki ya kujivunia jengo lile. Ukiingia mchana wa kiangazi unahisi umeingia kisimani. Jua linapiga paa tangu asubuhi, lakini joto linachukua saa nyingi kupenya uzito ule, na linapofika ndani jua limekwisha zama, nyika imepoa, madirisha yanafunguliwa, na usiku mkavu unalifukuza joto lote. Kesho yake kuta zinaanza upya zikiwa baridi.

"Bwana Mhandisi," nilimwambia, "huku usiku haupoi namna ile."

Akanionyesha karatasi ya hali ya hewa. "Tazama wastani wa mwaka. Handeni, Korogwe. Karibu sawa. Wilaya jirani, joto moja, ramani moja. Chora."

Wastani wenyewe ulikaribiana kweli. Ndiyo ilikuwa hila yake. Kule nyikani mchana unapanda sana na usiku unashuka sana, ukivijumlisha na kugawa unapata tarakimu ya kiungwana. Huku bondeni mchana ni joto na usiku ni joto lililopunguza sauti tu, na unyevu wa mto unakaa juu yako kama shuka mbichi. Nikamwomba tutazame joto la juu kabisa na la chini kabisa la kila siku, na unyevu wa asubuhi na wa alasiri. Akasema yeye ni mhandisi na mimi ni mchoraji.

"Basi siuchori," nikasema.

Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa sauti nzito. Ilitoka nyembamba, na kalamu ikaniponyoka. Lakini sikuuchora. Akaniambia suala litaamuliwa barazani, na kama baraza litapitisha zege, nitafute kazi ya kufundisha.

Nilidhani baraza litakuwa upande wangu. Ujinga wa wasomi huo. Zumbe, chifu wa wenyeji na mwenyekiti wao, alinipokea kwake kwa heshima, akaitika shikamoo yangu, kisha akanikata kauli.

"Kijana, bati liko kwenye kambi za vibarua wa mkonge. Zege liko kwa mzungu. Sasa unataka wake zetu wazalie chini ya bati?"

"Mzee, zege huku litawapika."

"Mzungu mbona hapikwi?"

"Mzungu halali kwenye zege lake, mzee. Analala nje, kwenye baraza ya nyumba yake, ndani ya chandarua."

Akacheka, lakini hakubadili msimamo. Nikaenda kwa mkunga. Yeye naye hakuwa na huruma.

"Bati nalijua," akasema. "Saa sita mchana linakuchoma utosi kama pasi. Mvua ikinyesha sisikii mtoto akilia. Umeniletea nini kilicho bora, msomi?"

Swali hilo lilinipa kazi ya wiki nzima. Nilimchorea paa jepesi la bati lenye mteremko, lililopakwa chokaa nyeupe ili lirudishe jua lilikotoka. Chini yake dari ya mbao laini, na juu ya dari tabaka la kuzuia joto la bati lisimshukie mgonjwa. Kati ya dari na bati, nafasi yenye matundu ya hewa pande zote mbili. Penu ndefu za kuzifunika kuta, na madirisha makubwa yanayotazamana ili upepo upite juu ya vitanda. Kuta nyembamba tu. Ukuta ulio kivulini hauna joto la kuhifadhi, na huku hatutaki uhifadhi kitu.

Akautazama sana mchoro. "Na mashuka yangu yatakauka?"

"Yatakauka upesi kuliko sasa."

"Basi nitakuja barazani. Lakini usiwasomee tarakimu kwanza. Watasinzia."

Korogwe ilikuwa na stoo moja ya baraza yenye paa la zege, waliyoijenga kwa ajili ya fahari. Mkunga alimwomba zumbe mkutano ufanyike mle, baada ya sala ya alasiri, wazee wakae chini ya lile paa wanalolitaka. Zumbe alifurahi, aliona ni heshima.

Wakaingia na kanzu zao. Mhandisi akaja na tai. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, wakanitazama kwa dharau. Jua likaanza kushuka, na nje upepo mdogo ukaamka. Ndani ndipo paa lilipoanza kufanya kazi. Joto la mchana kutwa likatushukia polepole, bila kelele. Hakuna jasho lililokauka. Mzee mmoja akavua kofia, kisha akajipepea nayo, kisha akaanza kuilaumu serikali kwa jambo jingine kabisa.

"Sasa ndiyo msomi asome," mkunga akasema.

Nikasoma. Handeni nyikani, mchana na usiku. Korogwe, mchana na usiku. Unyevu wa huku na wa kule. Hakuna aliyesinzia.

"Stoo haina madirisha ya kutosha," mhandisi akasema, uso mwekundu.

"Ndivyo na mchoro wako, bwana," mkunga akamjibu. "Mimi nina mwanamke mwenye uchungu tangu jana. Nimlaze humu?"

Zumbe akasimama. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni. "Tutoke nje," akasema, "na zege libaki humu humu."

Wakaupitisha mchoro wa bati huko nje, wamesimama. Mhandisi alilijenga vizuri, namtendea haki. Wodi ilipokwisha, mkunga alinipitisha kati ya vitanda upepo ukipeperusha vyandarua, hakunishukuru, akalalamika juu ya bawaba.

Mwezi uliofuata nilihamishiwa magharibi ya Handeni kusimamia shule mpya. Kila mtu alijua ni adhabu. Nilikwenda nikipiga mluzi. Wazee wa kule walinipokea kwa maziwa na ombi moja: walikuwa wamesikia habari za wodi ya Korogwe, yenye bati jeupe na madirisha makubwa, nao wanataka ile ile.

Niliwaeleza habari za vumbi, za upepo wa kiangazi unaoingia ukiwa moto, za usiku wao wa baridi ambao ukuta mnene wa udongo ungeuweka akiba hadi mchana wa watoto wao.

"Korogwe wanastahili bati, sisi tunastahili udongo?" mmoja akauliza.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Na sitachora jingine."

Wakakasirika sana. Nikaanza kuchora ukuta mnene.